Camus Alivyomshukuru Mwalimu Wake

Novemba 19, 1957, mwaka ukielekea ukingoni, mwandishi Albert Camus alimwandikia Louis Germain, aliyemfundisha shule ya msingi mjini Algiers. Camus alikuwa ametangazwa mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Barua ni fupi, lakini inagusa kwa sababu inataja deni waziwazi: baada ya mama yake, aliyemkumbuka ni mwalimu huyo.

Baba yake alikufa kwa majeraha ya vita mwaka 1914. Mama, asiyejua kusoma, alifanya usafi majumbani. Bibi alitaka mtoto aanze kazi mapema. Germain alimshawishi bibi huyo, akamfundisha Camus masomo ya ziada bila malipo mpaka akapata ufadhili wa sekondari.

Ukimwandikia mwalimu wako Desemba hii, mtajie tendo alilokutendea.