Pozi Lisipotelee Gizani: Namna ya Kuagiza Picha ya Machweo kwa Akili Mnemba

Siku hizi anayetaka picha ya machweo halazimiki kusubiri magharibi. Anapakia picha aliyopigwa saa saba mchana kwenye ChatGPT au Gemini, anaandika "nifanye kivuli cheusi mbele ya jua linalozama", na muda si mrefu anarudishiwa anga la rangi ya chungwa na umbo jeusi katikati. Akiitazama vizuri ndipo anapogundua kasoro. Mkono aliokuwa ameushika kiunoni umegandana na ubavu, kichwa kimegeukia kamera, na kilemba kimekuwa nywele. Picha inapendeza, ila mtu mwenyewe si yeye.

Chanzo ni jinsi programu hizi zinavyofanya kazi. Haziitii giza picha uliyoipakia. Zinaitazama, kisha zinachora nyingine. Katika picha ya kawaida, mabadiliko madogo ya umbo hufunikwa na sura, rangi ya nguo na tabasamu. Katika picha ya kivuli vyote hivyo vimeondoka. Kilichobaki ni ukingo wa mwili tu, na ukingo ukikosewa hakuna kingine cha kumtambulisha mtu wala kueleza anafanya nini.

Kwa hiyo kazi huanza kwenye picha yenyewe, kabla ya kuandika neno lolote. Jiulize: mtu huyu akipakwa wino mweusi wote, nitajua anafanya nini? Aliyesimama akitazama kamera, mikono ameikunja kifuani, atageuka kuwa nguzo yenye kichwa, kwa sababu mikono yote imo ndani ya kiwiliwili. Aliyegeuka upande ataonyesha paji la uso, pua, midomo na kidevu. Na mkono uliotoka mwilini huacha uwazi ambao mwanga wa anga utapita. Uwazi huo ndio unaolifanya pozi lisomeke, na ndio programu hupenda kuuziba.

Tuchukue mfano wa mwanamke aliyepigwa picha uani mchana. Amesimama upande, uso umeelekea kushoto. Mkono mmoja ameushika kiunoni, kiwiko kimetoka nje. Mwingine ameuinua kushika pindo la kanga aliyojitanda kichwani. Ni picha nzuri kwa kazi hii, lakini ina mitego miwili. Kanga ni pana, hivyo ni rahisi kuchorwa kama gauni au nywele ndefu. Jua la mchana nalo limemmulika usoni, na programu huelekea kuuhifadhi mwanga huo hata baada ya kuweka jua jingine nyuma yake.

Agizo la "picha ya kuvutia ya machweo, mwanamke mrembo" halisaidii hapa. Neno "mrembo" huivuta programu kuonyesha sura, na sura ikionekana kivuli kimekwisha. Badala ya sifa, taja vitu vinavyoonekana, ukianza na visivyotakiwa kubadilika:

```
Tumia picha hii kama msingi. Usibadilishe pozi, ukubwa
wa mwili wala ukingo wa nguo. Uso ubaki upande, umeelekea
kushoto. Mkono wa kiunoni ubaki na uwazi kati ya kiwiko
na ubavu, anga lionekane hapo. Mkono ulioinuliwa ubaki
umeshika pindo la kanga, vidole vionekane. Mwili wote uwe
mweusi, bila mwanga wowote kutoka mbele. Nyuma kuna anga
tupu la machweo. Upeo wa macho uwe chini ya magoti.
```

Kila sentensi hapo ina kazi yake. "Anga lionekane hapo" inaieleza programu kinachotakiwa kuujaza uwazi. Ukisema tu "usibadilishe mkono", mkono unaweza kubaki huku uwazi ukizibwa. "Bila mwanga wowote kutoka mbele" inaufuta ule mwanga wa mchana. Upeo wa macho umeshushwa chini ya magoti ili kichwa, viwiko na vidole vyote viwe mbele ya anga angavu. Ukiuacha ukatize shingoni au kiunoni, nusu ya umbo itaangukia kwenye bahari au ardhi nyeusi na kumezwa. Ndiyo sababu pia ya kuomba anga tupu: matawi ya mnazi nyuma ya mkono yataonekana kama vidole vya ziada.

Jua nalo litajiwe mahali pake. Duara la jua likikaa nyuma ya kitu chembamba, kama vidole au ncha ya pua, mng'ao wake hula ukingo na sehemu hiyo hutoweka. Lifiche lote nyuma ya kiwiliwili, au liweke mbali na mwili, chini karibu na upeo wa macho. Kama unataka mandhari ya kweli, kumbuka pia jiografia. Fukwe za Dar es Salaam na Mombasa zimeelekea mashariki, hivyo anayetazama Bahari ya Hindi kutoka huko huona jua likichomoza, si likizama. Kwa jua linalotua baharini, Forodhani ya Mji Mkongwe, Zanzibar, inafaa zaidi, kwa kuwa imeelekea magharibi.

Wapo wasiotaka weusi mtupu. Wanataka sura ionekane kwa mbali na mstari wa dhahabu upite kwenye bega na pindo la kanga. Hiyo ni picha nyingine, na kosa kubwa ni kuziomba zote mbili kwa pamoja. Ukiandika "kivuli cheusi" na "macho yanayong'aa" katika agizo moja, programu itachagua moja au itachanganya, upate mtu mwenye jua nyuma na taa usoni. Kwa picha ya namna hii ondoa neno "kivuli". Sema uso uko gizani lakini unatambulika, mwanga unatoka nyuma tu, na mstari mwembamba wa mwanga unafuata ukingo wa nywele na bega. Sisitiza "mwembamba", kwani ukiwa mnene hunenepesha mabega na kubadilisha umbo.

Wanaotumia Stable Diffusion wana nyenzo ya ziada iitwayo ControlNet, inayoibana programu ifuate picha ya msingi. Chaguo la OpenPose hushika viungo pekee: bega, kiwiko, nyonga, goti. Pozi litabaki, lakini mkunjo wa kanga unaweza kubadilika. Canny hushika mistari ya kingo, hivyo hulinda umbo la nguo, ila hubeba pia maua yaliyomo ndani ya kanga na kuyachora juu ya weusi. Dawa ni kumpaka mtu rangi nyeusi kwanza, kisha kuitumia picha hiyo kwenye Canny.

Matokeo yakifika, usiyapime kwa uzuri wa anga. Ipunguze picha iwe ndogo kama ukucha wa kidole gumba na uone kama pozi bado linasomeka. Kisha mwonyeshe mtu ambaye hajaiona picha ya kwanza, umuulize huyu anafanya nini. Akijibu "ameshika kiuno, ameinua kanga", agizo limefanya kazi. Akijibu "amesimama", tafuta uwazi uliozibwa na urekebishe sentensi hiyo moja, ukiacha nyingine kama zilivyo. Ukibadilisha zote hutajua ipi iliyosaidia.

Kama uwazi unazibwa kila unaporudia, acha kulirefusha agizo. Ama mkate mtu kwa programu ya kuhariri picha, umpake weusi na kumweka juu ya picha ya machweo, ambapo ukingo wake hautabadilika hata kidogo, ama upige picha nyingine, safari hii kiwiko kikiwa mbali na ubavu.