Jumatatu au Alhamisi? Jedwali la mistari saba lililompa Anti jibu

Anti yangu ana kibanda cha chapo madondo karibu na steji huku Kayole. Anafungua Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili anaenda kanisa. Oktoba 2025 shosho alianguka, na daktari akasema apelekwe mazoezi ya viungo mara moja kila wiki, siku yoyote ya kazi. Wa kumpeleka ni Anti tu. Hiyo ina maana kwamba siku hiyo kibanda kinafungwa, kutoka asubuhi hadi jioni.

Sasa afunge siku gani? Anti alikuwa tayari ameamua. "Alhamisi," aliniambia. "Nimepiga hesabu ya tili ya Septemba yote. Alhamisi ndiyo iko chini kabisa. Lakini wewe si ulisomea hizi mambo za chati? Hebu nichoree nione kwa macho."

Akanitumia picha ya ukurasa wa daftari lake:

| MAUZO YA SEPTEMBA | |
|---|---|
| Jtatu | 20,500/= |
| Jnne | 23,000/= |
| Jtano | 20,800/= |
| Alhamisi | 19,600/= |
| | |
| Ijumaa (siku poa!) | 27,200/= |
| Jmosi | 23,600/= |
| JUMLA | 134,700/= |

Kwa macho ya binadamu, ukurasa huu hauna shida. Unausoma na kuuelewa. Lakini chati ya mihimili, ile yenye nguzo ndefu na fupi, haichorwi na binadamu. Inachorwa na programu, na programu haikisii ulichomaanisha. Nilifungua Google Sheets kwenye simu nikaandika kila kitu vile vile kilivyo, kisha nikaiambia ichore. Haikutoa mhimili hata mmoja.

Namba ikae peke yake

Kosa lilikuwa ile alama ya "/=". Sote tunaiandika kwenye daftari na risiti, lakini ukiiweka kwenye kisanduku cha Google Sheets pamoja na namba, programu inachukua kisanduku chote kuwa maneno. Kwake, 20,500/= ni kama neno "sukuma". Maneno hayana urefu, kwa hivyo hakuna nguzo ya kuchora.

Kuna njia rahisi ya kujua kama namba yako ni namba kweli. Kama hujabadilisha mpangilio wowote, namba hukaa upande wa kulia wa kisanduku na maneno hukaa kushoto. Ukiona namba imejibanza kushoto, kuna kitu kimeshikana nayo: alama ya "/=", herufi O badala ya sifuri, au maelezo kama "27,200 hivi". Kifute. Kama unataka watu wajue ni shilingi, iandike mara moja tu, kwenye kichwa cha safu.

Kichwa chenyewe kiwe kimoja kwa kila safu na kikae kwenye mstari wa kwanza kabisa. Yale maneno "MAUZO YA SEPTEMBA" niliyatoa, kwa sababu hayo ni jina la chati, na utaliandika baadaye chati ikishatoka. Ule mstari mtupu katikati niliufuta pia, maana uliacha pengo kati ya Alhamisi na Ijumaa kana kwamba kuna siku nyingine hapo. "Siku poa!" nayo ikaenda, kwa sababu chochote unachoandika kwenye safu ya kwanza ndicho kitakachotokea chini ya mhimili.

Jumla haina nafasi hapa

Nilichora tena. Safari hii mihimili ilitoka, lakini mmoja ulisimama kama mnara na mingine sita ikawa vijiti vifupi vinavyofanana. Ule mnara ulikuwa JUMLA. Programu haikujua kwamba 134,700 ni hesabu ya zile siku nyingine, kwa hivyo iliichukua kama siku ya saba ya biashara. Na kwa kuwa chati lazima itoshee mhimili mrefu zaidi, siku zote za kweli zilibanwa chini hadi tofauti zao zikapotea.

Kwa hivyo, mstari wa jumla usiingie kwenye jedwali la chati. Lakini usiutupe kabla ya kuutumia. Linganisha jumla yako na pesa zilizoingia kwenye taarifa ya tili ya mwezi huo. Toa malipo yaliyorudishwa kwa wateja, na pia pesa zako mwenyewe kama ulijitumia. Zikilingana, jua hujaruka siku yoyote. Za Anti zililingana, 134,700 kwa 134,700. Baada ya hapo jumla ilikuwa imemaliza kazi yake.

Nilichora mara ya tatu. Mihimili sita, safi. Na kweli, Alhamisi ilikuwa mfupi kuliko yote. Anti alifurahi. "Si nilikwambia?"

Mihimili isiyolingana kwa haki

Kilichonisumbua ni kalenda. Septemba 2025 ilianza siku ya Jumatatu na ilikuwa na siku 30. Hiyo inamaanisha Jumatatu zilikuwa tano: tarehe 1, 8, 15, 22 na 29. Jumanne pia zilikuwa tano. Siku nyingine zote zilikuwa nne nne.

Kwa hivyo mhimili wa Jumatatu ulibeba mauzo ya siku tano, na wa Alhamisi ulibeba ya siku nne, halafu tukaiweka kando kando kana kwamba ni sawa. Ni kama kulinganisha debe lililojaa vikombe vitano na lingine la vikombe vinne, kisha useme la kwanza lina mahindi bora.

Hapa hakuna alama ya kufuta. Jedwali linaweza kuwa safi kabisa kwa macho na bado likasema uongo. Kinachotakiwa ni kila mhimili upime kitu kimoja, na swali la Anti lilikuwa hili: nikifunga siku moja ya aina hii, napoteza ngapi? Kwa hivyo tunataka wastani wa siku moja, si jumla ya mwezi.

Nilifungua ukurasa mwingine kwenye faili ile ile, nikaupa jina "Hesabu". Huko niliweka siku kwenye safu ya A, jumla kwenye B, na idadi ya siku alizofungua kwenye C. Kwenye D nikaandika fomula hii kwa Jumatatu, na nyingine zikafuata:

```
=B2/C2
```

Zingatia kwamba ni siku *alizofungua*. Kama Jumatano moja ungefunga kwa sababu ya mvua, basi gawanya kwa tatu, si nne. Anti hakufunga hata siku moja ya kazi mwezi huo, kwa hivyo siku zote zilifika 26.

Jedwali lenyewe

Ukurasa wa hesabu una safu nne, na chati inahitaji mbili tu: jina la mhimili na urefu wake. Basi niliandika jedwali dogo kwenye ukurasa wake mwenyewe:

| Siku | Wastani wa mauzo kwa siku, Ksh |
|---|---|
| Jumatatu | 4100 |
| Jumanne | 4600 |
| Jumatano | 5200 |
| Alhamisi | 4900 |
| Ijumaa | 6800 |
| Jumamosi | 5900 |

Mistari saba, ukihesabu kichwa. Siku nilizipanga kama zinavyofuatana kwenye wiki, kwa sababu ndivyo kila mtu anavyozitafuta. Kama mihimili yako ingekuwa bidhaa, kwa mfano chapati, madondo na chai, ambazo hazina mpangilio wake, basi anza na kubwa umalizie na ndogo.

Kuchora sasa ni dakika moja. Gusa kisanduku cha A1, vuta hadi B7 ili jedwali lote lichaguliwe, gusa alama ya + iliyo juu, kisha Chart. Ukienda kwa Type utachagua mihimili iliyosimama au iliyolala. Kabla hujaiamini, tazama mambo mawili. Kwanza, mihimili iwe mingi kama mistari yako ukitoa kichwa. Hapa ni sita. Pili, namba za pembeni zianze na 0. Zikianzia 4000, Jumatatu itaonekana kama karibu hakuna biashara, na si kweli.

Mara hii chati ilisema kitu kingine. Mhimili mfupi zaidi ulikuwa Jumatatu, 4,100. Alhamisi ilikuwa 4,900. Kufunga Alhamisi kungemgharimu Anti shilingi 800 zaidi kila wiki, na ndani ya wiki nne hiyo ni 3,200.

Kabla hujaamua

Wastani unaweza kuvutwa na siku moja ya ajabu, kama mtu aliyeagiza chakula cha mjengo mzima. Kwa hivyo tulirudi kwenye siku zenyewe. Jumatatu tano zilikuwa 3,900, 4,300, 4,000, 4,400 na 3,900. Alhamisi nne zilikuwa 4,700, 5,100, 4,900 na 4,900. Hakuna Jumatatu hata moja iliyofikia Alhamisi iliyo chini kabisa. Hapo nilitulia.

Lakini kuna kitu ambacho chati hii haioni: keshi. Tili inajua tu malipo yaliyopitia kwake, na Anti alikuwa akihesabu keshi jioni bila kuiandika. Kama wateja wa Jumatatu ndio hulipa keshi zaidi, jibu lingeweza kubadilika. Nilimwomba aiandike kila jioni kwa wiki mbili. Aliiandika, na Jumatatu bado ilikuwa chini.

Alipoona hivyo alicheka. "Jumatatu watu wanakula mabaki ya Jumapili. Hata mimi."

Shosho sasa anaenda mazoezi kila Jumatatu asubuhi. Na kwenye daftari la Anti kumeongezwa safu moja ambayo haikuwepo, imeandikwa "siku ngapi".