Risiti Anayo Wifi

Ukipita madukani Kariakoo wiki ya kwanza ya Januari utakutana na maneno haya ukutani, kwenye kaunta na chini ya risiti: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Wenye maduka wameyarithi kwa waliowatangulia, na wengi wao hawayafuati hata wenyewe. Mteja akija kwa upole na boksi lake, hubadilishiwa. Akija amechoka na jua, huonyeshwa ukuta. Kwa hiyo tangazo lile halimwambii mtu nini kitatokea, na anayeumia zaidi ni aliyepewa zawadi, kwa sababu yeye hakuwapo wakati wa kununua na hajui walikubaliana nini.

Tuchukue raba za mtoto. Shangazi yake alizinunua tarehe 20 Desemba kwa shilingi 38,000, namba 33, akazifunga kwa karatasi ya maua, akasafiri kwenda Moshi kula sikukuu. Risiti imebaki kwenye pochi yake. Mtoto alipofungua boksi Krismasi, vidole vikagota mbele. Tarehe 3 Januari mama yake yuko dukani.

"Karibu dada. Risiti unayo?"

"Sina, kaka. Aliyenunua ni wifi yangu, na sipendi kumpigia simu kumwambia hazikumtosha mtoto."

Hapo muuzaji anakabiliwa na jambo la kweli. Hamjui huyu dada, na raba zile zile sasa zinauzwa shilingi 30,000 kwa sababu sikukuu imepita. Mama naye ana jambo la kweli: hataki ugomvi wa kifamilia juu ya namba ya kiatu. Tangazo zuri huwa limeshawajibu wote wawili kabla hawajafungua midomo.

Jibu la kwanza ni jepesi. Kama namba 34 ya raba hizo ipo, bei haina nafasi katika mazungumzo. Kiatu kinaingia, kiatu kinatoka. Muuzaji anachohitaji ni kuridhika kwamba raba zimetoka kwake na hazijavaliwa. Atageuza soli aangalie kama kuna vumbi kwenye mistari yake, kisha atatazama mkunjo unaojitokeza juu ya vidole baada ya mwendo wa nje. Ndiyo maana inafaa tangazo liseme wazi: mjaribishe mtoto juu ya mkeka au zulia.

Ugumu unaanza namba 34 ikiwa imekwisha na mama akitaka kuchukua kitu kingine. Je, ahesabiwe 38,000 au 30,000? Naona haki iko hivi: mwenye uthibitisho wa malipo ahesabiwe alicholipa mnunuzi, na asiye na uthibitisho wowote ahesabiwe bei ya siku hiyo. Bila kanuni ya pili, mtu anaweza kununua kwa punguzo Januari, akaja kesho yake bila risiti kudai bei ya Desemba. Lakini bila ya kwanza, duka litakuwa limemnyang'anya shangazi shilingi 8,000 zake.

Uthibitisho si lazima uwe karatasi. Kama shangazi alilipa kwa simu, ujumbe wa muamala unaonyesha tarehe, kiasi na jina la duka. Ujumbe huo hudumu kuliko risiti ya mashine, ambayo wino wake hutokana na joto na hufifia ukiiacha kwenye gari au karibu na jiko. Ukinunua zawadi, ipige picha risiti siku ile ile.

Iko njia bora zaidi, nayo haihitaji mtambo mpya. Wakati wa kuuza, muuzaji aulize: "Ni zawadi?" Mteja akisema ndiyo, apewe risiti yake halali ya mashine kama sheria ya kodi inavyotaka, na juu yake apewe kikaratasi cha pili cha kutia ndani ya boksi. Kikaratasi hicho kinaandikwa namba ya risiti, tarehe, aina ya bidhaa na saizi, lakini hakina bei. Mama wa mtoto akija nacho, muuzaji anatafuta namba hiyo kwenye kumbukumbu zake na kuona 38,000. Mama hahitaji kuijua bei wala kumpigia wifi.

Angalizo moja tu: mabadilishano yakifanyika, namba ya risiti iandikwe kwenye daftari siku hiyo hiyo. Vinginevyo shangazi anaweza kurudi kutoka Moshi na risiti yake kamili, naye akahudumiwa mara ya pili kwa raba zile zile, pengine bila nia mbaya yoyote.

Kuhusu fedha taslimu, duka lina sababu ya kuwa gumu. Mauzo yameshaingia kwenye mashine, na kurudisha fedha kunadai marekebisho katika hesabu za kodi. Zaidi ya hapo, fedha si za mpokeaji. Zikirudi, zirudi kwa aliyelipa na kwa njia aliyolipia. Mpokeaji anapata kubadilisha, au hati ya kununulia siku nyingine.

Kuna jambo ambalo "hairudishwi" haiwezi kulifuta. Saizi kutotosha au rangi kutopendeza ni hiari ya duka kusaidia. Ubovu si hiari. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa ya Tanzania, Sura ya 214, inatarajia mfanyabiashara auze kitu chenye ubora wa kuuzika, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu haki alizonazo. Soli ikibanduka wiki ya kwanza, usimjibu mteja kwa kumwonyesha ukuta. Naye mteja asiposikilizwa, Tume ya Ushindani, FCC, hupokea malalamiko ya walaji.

Ningekuwa na duka la viatu na nguo, ningebandika hivi:

"Karibu mteja wetu. Zawadi haikutosha? Ilete tukubadilishie.

Kilichonunuliwa kuanzia tarehe 1 Desemba tunakibadilisha hadi tarehe 15 Januari. Kije hakijavaliwa, na boksi au lebo yake.

Ukiwa na risiti, kikaratasi cha zawadi au ujumbe wa malipo ya simu, utahesabiwa bei iliyolipwa. Usipokuwa navyo, karibu pia: tutabadilisha kwa bei ya leo.

Fedha tunamrudishia aliyelipa. Hatutampigia aliyekupa zawadi.

Nguo za ndani na hereni hatubadilishi, kwa ajili ya afya ya wote.

Kikiwa kibovu, kilete hata kama tarehe imepita. Tutakikagua mbele yako."

Angalia kwamba nimetaja tarehe badala ya kusema "ndani ya siku 14". Aliyefunguliwa boksi Krismasi hajui siku zilianza kuhesabiwa lini, na zawadi iliyonunuliwa mapema Desemba ingekuwa imepitwa na muda kabla haijafunguliwa. Tarehe 15 inampa muda hata aliyekwenda mkoani, na mwenye duka anajua siku ya kufunga hesabu za sikukuu.

Mwenye duka, tangazo hili libandike kaunta kabla mauzo ya Desemba hayajaanza, na wasomee wauzaji wako wote, pamoja na wa muda. Sharti ambalo mteja analiona kwa mara ya kwanza Januari hakulikubali alipolipa, na huna haki ya kumbana nalo.