Dakika Kumi za Kwanza Ukumbini

Barua ya mwaliko ilisema saa 2:30 asubuhi. Watumishi wamefika, wamejiandikisha, wamekaa. Saa 3:00 mgeni rasmi bado yuko njiani. Anapoingia, mshereheshaji anawataja viongozi mmoja baada ya mwingine, kisha anamkaribisha mtu wa kumkaribisha mtu wa kumkaribisha mgeni. Hotuba inasomwa, makofi yanapigwa, picha ya pamoja inapigwa nje, na mwezeshaji anapewa nafasi saa 3:25. Kwa ratiba, ukaribisho ulipaswa kwisha saa 2:40. Dakika 45 zimekwenda.

Hasara hiyo haionekani asubuhi. Ili kuiona tuchukue mfano wa kituo cha afya chenye watumishi 24 wanaofundishwa usafi wa mikono kwa siku moja: matabibu, wauguzi, watu wa maabara, wahudumu wa afya na wafanya usafi. Asubuhi ni ya mada na majadiliano. Baada ya chakula, kuanzia saa 8:00 hadi 9:30, ni mazoezi: kila mtu anasimama kwenye sinki, ananawa mbele ya mwezeshaji, na kuonyeshwa alipokosea. Kunawa kwa sabuni na kukausha huchukua kama dakika moja, maelekezo dakika mbili. Watu 24 kwa dakika tatu kila mmoja ni dakika 72. Dakika 90 zinatosha, na zinabaki 18 za maswali.

Sasa zile dakika 45 zilizopotea zitatoka wapi? Mwenye mada ya asubuhi hataki kuikata mada yake. Chai na chakula vina saa zake kwa sababu mpishi ameshapakua. Saa ya kufunga haisogei, maana kuna wanaowahi gari na kuna zamu ya jioni inayongoja. Kinachobaki ni mazoezi. Yanabaki dakika 45, zinazotosha watu 15. Watumishi tisa wanarudi wodini bila mtu kuitazama mikono yao, na kwa kawaida tisa hao ni wale waliokaa nyuma: wahudumu na wafanya usafi.

Ndiyo maana neno la ukaribisho linapaswa kupangwa kama kazi nyingine yoyote ya siku hiyo. Ni dakika kumi zenye mambo matatu: kwa nini tumeitana, siku itakwendaje, na taarifa za ukumbi.

Tuanze na lengo. Sentensi iliyozoeleka ni hii: "Semina hii inalenga kuwajengea uwezo watumishi kuhusu kinga na udhibiti wa maambukizi." Haina kosa la lugha, ila mtumishi akiisikia hajui atatakiwa kufanya nini. Lengo zuri hutaja kitendo kinachoweza kuonekana kabla watu hawajatawanyika. Kwa mfano wetu: ikifika saa 10:00 jioni, kila mmoja atakuwa ameonyesha namna ya kunawa kwa maji na sabuni kwa sekunde 40 hadi 60, na ya kutumia kitakasa mikono kwa sekunde 20 hadi 30. Pia ataweza kuzitaja nyakati tano za Shirika la Afya Duniani: kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kuweka mpira wa mkojo, baada ya kuguswa na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kipimo chake ni rahisi. Uliza: je, saa 10:00 nitaweza kuliona jambo hili likifanyika? "Kuelewa" hakuonekani. "Kuonyesha" kunaonekana.

Lengo lina upande wa pili, nao ni sauti linalosemewa. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis alikuwa katika wodi ya wazazi ya hospitali kuu ya Vienna. Madaktari na wanafunzi walitoka kupasua maiti wakaenda moja kwa moja kuwapima wajawazito. Aliamuru wanawe kwa maji yenye chokaa ya klorini. Mwezi Aprili walikuwa wakifa wazazi wapatao 18 katika kila 100. Juni walikuwa kama wawili. Hata hivyo, madaktari wengi wa wakati wake hawakumkubali. Sababu zilikuwa zaidi ya moja: vijidudu vilikuwa havijajulikana kuwa chanzo cha maradhi, na yeye mwenyewe alikawia kuandika aliyoyaona. Lakini katika barua za wazi alizochapisha baadaye aliwaita wapinzani wake wauaji, na mtu aliyeitwa muuaji hakai kusikiliza hoja. Mkuu wa kituo anayefungua semina kwa kusema "malalamiko yamezidi, hamnawi mikono" anaingia njia ileile. Watumishi watatumia asubuhi nzima kujitetea kimoyomoyo: maji hukatika, sabuni huisha, wagonjwa ni wengi. Afadhali mkaribishaji ayataje hayo yeye mwenyewe, aseme yamewekewa saa ya kujadiliwa, kisha aendelee.

Kuhusu ratiba, kosa kubwa ni kuisoma yote. Karatasi wanayo mkononi. Anachohitaji mshiriki kusikia ni nguzo za siku: chai saa ngapi, chakula saa ngapi, tunafunga saa ngapi, na ni wapi yeye mwenyewe atainuka kufanya kitu. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Aliyeambiwa asubuhi kwamba mchana atanawa mbele ya wenzake husikiliza mada kwa sikio jingine. Mapumziko nayo yapangwe kwa kuwajua watu. Chakula cha saa 7:00 mchana huwapa Waislamu nafasi ya kuswali adhuhuri, lakini siku ya Ijumaa wanahitaji kutoka mapema na kurudi baadaye kidogo, kwa sababu kuna hotuba na swala ya jamaa. Jambo hilo huamuliwa wakati wa kuandika ratiba. Likigunduliwa ukumbini, nusu ya watu hutoka katikati ya mada.

Zinabaki taarifa za ukumbi, ambazo wengi huzitaja kwa haraka kana kwamba si sehemu ya semina. Mimi huziona kuwa ndizo zinazoonyesha kama mwandaaji aliwafikiria watu. Mtu asiyejua choo kilipo, asiyejua kama nauli itatolewa, au anayehofia simu ya wodini, hayupo ukumbini hata kama amekaa kiti cha mbele.

Simu ni mfano mzuri. Katika kituo cha afya huwezi kusema tu "zimeni simu". Kuna mkunga mmoja kazini na wajawazito wawili wodini. Tangazo sahihi humtaja mtu mmoja atakayepokea simu ya chumba cha kujifungulia, humkalisha karibu na mlango, na husema wazi kwamba akiitwa atatoka bila kuomba ruhusa. Wengine waweke simu kwenye mtetemo. Mpango huo ukishatajwa, hakuna tena anayechungulia simu yake kila dakika kwa wasiwasi.

Mlango wa dharura ni mfano mwingine. Ni rahisi kuunyooshea kidole mlango wa nyuma na kusema ndiyo njia ya kutokea moto ukizuka. Nimewahi kuutembelea mlango wa namna hiyo wakati wa chai nikaukuta umefungwa kwa kufuli, na mwenye ufunguo hakuwepo. Tangazo ambalo halikukaguliwa ni baya kuliko kukaa kimya, kwa sababu watu watakimbilia hapo. Anayetangaza aufungue mlango mwenyewe asubuhi, atembee hadi sehemu ya kukusanyika, afungue na bomba la choo aone kama maji yanatoka. Semina ya kunawa mikono yenye choo kisicho na maji imeshajikana kabla haijaanza.

Halafu kuna nauli na posho. Tusione haya kulisema, kwani ukumbi mzima unaliwaza. Mwenye jukumu aseme ni kiasi gani, kitatolewa saa ngapi, na kama ni taslimu au kwa simu. Kama hakuna, aseme hakuna. Kisha aeleze kwamba mahudhurio yatasainiwa asubuhi na tena alasiri. Kama kutapigwa picha, wasiotaka waonyeshwe pa kukaa bila kuulizwa sababu.

Yakiwekwa pamoja, maneno ya mganga mfawidhi yanaweza kuwa hivi:

"Ndugu zangu, habari za asubuhi. Itifaki imezingatiwa. Tumekutana ili ikifika saa 10:00 kila mmoja wetu, kuanzia mimi hadi mwenzetu wa usafi, awe amenawa mbele ya mwezeshaji na kujua anapokosea. Najua maji hukatika na sabuni huisha. Saa 5:00 tutalizungumza hilo, nami nitajibu. Chai ni saa 4:30, chakula saa 7:00, mazoezi saa 8:00. Vyoo viko kushoto mkitoka. Mlango wa nyuma uko wazi. Ikitokea dharura, tukutane chini ya mwembe. Dada yetu mkunga yuko karibu na mlango na simu ya wodi, akitoka, msishangae. Nauli itatolewa kwa simu saa 10:00, baada ya kusaini mara ya pili. Nitakuwa nanyi siku nzima, na mchana nitaanza mimi kunawa. Karibuni sana."

Ukiyasoma kwa utulivu hayazidi dakika mbili. Muda unaobaki unatosha kuwatambulisha wawezeshaji, kuchagua mtunza muda na kuchukua matarajio mawili matatu. Maneno mawili tu, "itifaki imezingatiwa", yamebeba heshima ambayo vinginevyo ingechukua robo saa. Na kama mgeni rasmi amechelewa, semina ianze. Akifika, apewe nafasi wakati wa chai. Hilo lakubaliwe na ofisi yake siku moja kabla, ili pasiwe na aliyevunjiwa heshima.

Ahadi ya mwisho ya mganga mfawidhi ndiyo nzito kuliko zote. Mkuu anayefungua semina kisha akaondoka amewaambia watumishi kwamba jambo hili ni la wadogo. Anayebaki, akakunja mikono ya shati saa 8:00 na kuambiwa na mwezeshaji kwamba amesahau dole gumba na ncha za vidole, sehemu ambazo wengi wetu huzisahau, amewafungulia wengine njia ya kukosea bila aibu. Baada yake mfanya usafi aliyekaa kiti cha nyuma anaweza kusogea kwenye sinki. Na kwa kuwa ukaribisho uliisha saa 2:40, zamu yake itafika.