Uzito uleule, kiuno kinapanuka: Kinachotokea mwilini hedhi inapokaribia kukoma

Wanawake wengi walio kati ya miaka 45 na 55 hugundua mabadiliko haya kwa fundi cherehani kabla ya kuyagundua hospitalini. Gauni lililoshonwa miaka mitatu iliyopita bado linatosha mapajani na mabegani, lakini zipu haipandi tumboni. Akipanda kwenye mizani, kilo ni zilezile au zimeongezeka moja tu. Nyumbani ataambiwa anakula sana chapati, au amebweteka.

Chapati zinaweza kuwa na mchango, lakini si maelezo yote. Katika umri huo mwili huwa unabadilisha mahali pa kuhifadhi mafuta, na mizani haina uwezo wa kuliona hilo.

Kukoma kwa hedhi huhesabiwa mwanamke anapomaliza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Mabadiliko yenyewe, hata hivyo, huanza mapema zaidi. Nchini Marekani kuna utafiti mkubwa unaofahamika kama SWAN, ambao umefuatilia wanawake wa makabila mbalimbali kwa miaka mingi tangu wakiwa bado wanapata hedhi. Mwaka 2019 watafiti wake walichapisha matokeo ya wanawake 1,246 waliopimwa mara kwa mara kwa mashine ya eksirei inayotenganisha mafuta na misuli.

Waliona kwamba takriban miaka miwili kabla ya hedhi ya mwisho, kasi ya kuongezeka kwa mafuta ilikaribia kuwa maradufu. Wakati huohuo misuli, ambayo awali ilikuwa ikiongezeka kidogo kidogo, ilianza kupungua. Hali hiyo iliendelea hadi miaka miwili hivi baada ya hedhi kukoma, kisha ikatulia. Ajabu ni kwamba kasi ya kuongezeka kwa uzito wa mwili haikubadilika mabadiliko hayo yalipoanza. Mafuta yalikuwa yakiingia na misuli ikitoka, na mizani ilisoma jumla tu.

Mafuta yanahamia wapi?

Mwanamke anapokuwa katika umri wa kuzaa, homoni ya estrojeni inayotengenezwa na ovari huelekeza mafuta mengi kwenye makalio, nyonga na mapaja. Mafuta hayo hukaa chini ya ngozi na kwa kawaida hayasumbui sana. Ovari zinapopunguza estrojeni, mwelekeo huo hulegea, na mafuta mapya huanza kwenda tumboni kama yanavyokwenda kwa wanaume.

Tumboni nako yapo ya aina mbili. Kuna yale unayoweza kuyabana kwa vidole, yaliyo chini ya ngozi. Mengine yako ndani zaidi, nyuma ya misuli ya tumbo, yakizunguka utumbo na ini. Haya ya ndani ndiyo yanayowapa madaktari wasiwasi. Damu itokayo kwenye eneo hilo hupita moja kwa moja kwenye ini, hivyo ini hupokea mafuta mengi kuliko linavyoyahitaji. Matokeo yake insulini hushindwa kufanya kazi vizuri, ini huendelea kumwaga sukari kwenye damu hata pale isipohitajika, na mafuta kwenye damu hupanda. Hiyo ndiyo njia inayomfikisha mtu kwenye kisukari cha aina ya pili, shinikizo la damu na magonjwa ya moyo.

Mfano wa mama wa kilo 68

Chukua mfano wa mama mwenye urefu wa sentimita 158. Akiwa na miaka 46 alikuwa na kilo 68 na kiuno cha sentimita 81. Sasa ana miaka 51, bado ana kilo 68, lakini kiuno kimefika sentimita 88. Akienda kupimwa uzito pekee ataambiwa hajabadilika, naye atarudi nyumbani ameridhika.

Futi ya fundi inasema vingine. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani (WHO), hatari kwa mwanamke huanza kuongezeka kiuno kinapozidi sentimita 80, na huwa kubwa zaidi kinapozidi 88. Uchambuzi wa takwimu za nchi kadhaa za Afrika kusini mwa Sahara ulipata kiwango kinachokaribia hapo kwa wanawake, sentimita 81. Mama huyu ametoka kwenye mpaka wa kwanza hadi kwenye mpaka wa pili bila kuongeza kilo hata moja.

Kipo kipimo kingine kinachozingatia urefu wa mtu: kiuno kisifike nusu ya urefu. Taasisi ya NICE ya Uingereza ilianza kukipendekeza kwa watu wazima mwaka 2022. Nusu ya 158 ni 79, kwa hiyo mama huyu amezidi kwa sentimita 9. Asiye na futi anaweza kupima urefu wake kwa kamba, akaikunja katikati, kisha akaizungusha kiunoni. Ncha zisipokutana, kiuno kimezidi.

Kosa kubwa ni mahali pa kupimia. Wengi hupima pale wanapofungia kanga au mkanda, chini ya kitambi, na kupata namba ndogo ya kufurahisha. Sehemu sahihi ni katikati ya mbavu ya mwisho na ncha ya juu ya mfupa wa nyonga. Simama wima, miguu ikiwa pamoja, nguo ikiwa nyepesi au bila nguo. Futi ilale sawasawa kuzunguka mwili, iguse ngozi bila kubana. Toa pumzi kama kawaida, usivute tumbo ndani, kisha soma. Rudia mara ya pili. Majibu yakitofautiana kwa zaidi ya sentimita moja, anza upya.

Baada ya kupata namba

Kiuno kilichozidi si ugonjwa, na futi haiwezi kutenganisha mafuta ya chini ya ngozi na yale ya ndani. Wanawake wawili wenye sentimita 88 wanaweza kuwa na hali tofauti kabisa. Kwa hiyo hatua inayofuata ni kupima shinikizo la damu, sukari na mafuta kwenye damu, hata kama mtu hajisikii vibaya.

Mazoezi ya kuinuka chali huimarisha misuli ya tumbo lakini hayachomi mafuta ya tumboni peke yake. Kutembea kwa kasi husaidia kupunguza mafuta ya ndani hata pale kilo zinaposhuka kidogo tu. Na kwa kuwa misuli ndiyo inayopotea, mazoezi ya nguvu nayo yana nafasi yake: kuinua madumu ya maji, kuchuchumaa na kuinuka, kusukuma ukuta. Chai ya kupunguza tumbo inayouzwa mitandaoni haina cha kufanya hapa zaidi ya kumharisha mtu.

Kuna tumbo ambalo halipaswi kuitwa kitambi. Mwanamke ambaye bado anaona hedhi, hata kwa kurukaruka, anaweza kushika mimba. Fibroidi kwenye kizazi nazo hukuza tumbo. Likikua ndani ya wiki au miezi michache, likawa gumu, au likaambatana na kushiba haraka, maumivu ya nyonga au kukojoa mara kwa mara, linahitaji kuchunguzwa kwa altrasaundi, kwa sababu dalili hizo zinaweza kuwa za saratani ya ovari. Na damu yoyote inayotoka ukeni baada ya hedhi kukoma ni sababu ya kwenda hospitali bila kusubiri, kiuno kiwe cha sentimita ngapi.