Kigeu Kimoja kwa Masharti Yote: Jinsi NAE-3SAT Inavyothibitishwa kuwa NP-kamili

Katika mitihani ya nadharia ya kompyuta kuna swali ambalo hurudi mara kwa mara: "Thibitisha kwamba NAE-3SAT ni NP-kamili." Jibu lake kamili linaenea nusu ukurasa tu, na halihitaji hesabu yoyote nzito. Hata hivyo wengi huliacha njiani, kwa sababu wamekariri hatua bila kuona kazi ya kigeu kimoja kidogo kinachoongezwa katikati. Anayekielewa kigeu hicho anaweza kuuandika uthibitisho wote bila kukariri.

Tuanze na tatizo ambalo ugumu wake unajulikana tayari, yaani 3SAT. Tunapewa vigeu kadhaa, na kila kigeu kinaweza kuwa kweli, tunachokiandika 1, au uongo, tunachokiandika 0. Tunapewa pia orodha ya masharti. Kila sharti lina nafasi tatu, na katika kila nafasi hukaa kigeu fulani au kinyume chake. Kinyume cha `x` huandikwa `¬x`: `x` ikiwa 1, `¬x` ni 0. Sharti hutimia pale angalau nafasi moja inapokuwa kweli. Swali ni hili: je, kuna namna ya kugawa thamani kwa vigeu ili masharti yote yatimie kwa pamoja?

Mwaka 1971 Stephen Cook wa Chuo Kikuu cha Toronto alionyesha kwamba tatizo lolote lililomo katika kundi la NP linaweza kugeuzwa kuwa swali la kutimiza fomula za namna hii. Leonid Levin, akifanya kazi peke yake katika Umoja wa Kisovieti, alichapisha matokeo ya aina hiyo mwaka 1973. Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1972, Richard Karp alitoa orodha ya matatizo 21 yaliyo NP-kamili, na 3SAT ilikuwa mojawapo. Tangu hapo hakuna haja ya kurudia kazi ya Cook kila linapozuka tatizo jipya. Inatosha kuchukua tatizo lililokwisha kuthibitishwa na kuonyesha kwamba linageuzwa kuwa hili jipya.

Tatizo letu jipya, NAE-3SAT, lina sura ileile ya masharti yenye nafasi tatu. Kinachobadilika ni kanuni ya kutimia. Hapa sharti hutimia pale nafasi zake tatu zisipokuwa na thamani moja. Fikiria kamati ya watu watatu ambayo uamuzi wake hukubaliwa ikiwa tu kura zimegawanyika: wakisema wote ndiyo, umekataliwa, wakisema wote hapana, umekataliwa pia. Thamani 1, 1, 0 zinafaa, na 0, 1, 0 zinafaa. Zisizofaa ni 1, 1, 1 na 0, 0, 0.

Kanuni hiyo ina tabia moja ambayo ndiyo kiini cha swali zima. Ukichukua jibu sahihi la NAE-3SAT kisha ukageuza kila thamani, 1 zote zikawa 0 na 0 zote zikawa 1, jibu linabaki sahihi. Sharti lililokuwa na mchanganyiko bado lina mchanganyiko. Kwa maneno mengine, NAE-3SAT haiwezi kutofautisha kweli na uongo. Inajua tu kama thamani zinafanana au hazifanani. Lakini 3SAT inategemea tofauti hiyo, kwani sharti lake linadai kweli, wala haliridhiki na mchanganyiko tu. Kazi yetu ni kuifanya lugha isiyojua kweli iseme "angalau moja ni kweli".

Kabla ya kujenga chochote, hakikisha mwelekeo. Tunageuza 3SAT kuwa NAE-3SAT. Hoja ni kwamba kama kungekuwa na njia ya haraka ya kutatua NAE-3SAT, tungeitumia kutatua 3SAT. Basi NAE-3SAT haiwezi kuwa rahisi kuliko 3SAT. Ukigeuza upande wa pili, kutoka NAE-3SAT kwenda 3SAT, umeonyesha tu kwamba tatizo jipya si gumu kuliko la zamani, jambo ambalo hakuna aliyeliuliza. Kosa hilo moja huangusha jibu zima hata kama kila mstari wake ni sahihi.

Hatua ya kwanza ya jibu ni fupi: onyesha kwamba NAE-3SAT imo ndani ya NP. Maana yake ni kwamba mtu akituletea jibu, tunaweza kulikagua kwa muda usiozidi polinomia ya ukubwa wa swali. Hapa jibu ni mgawo wa thamani kwa vigeu. Tunapita sharti moja baada ya jingine na kuangalia kama thamani zake tatu zinafanana. Sentensi mbili zinatosha, lakini lazima ziandikwe. Bila hizo umethibitisha ugumu tu, hujathibitisha ukamilifu.

Hatua ya pili ni ujenzi. Wazo la haraka ni kuyaacha masharti yalivyo na kubadili kanuni tu. Halifai. Sharti `(x ∨ x ∨ x)` katika 3SAT hutimia kwa kuifanya `x` iwe 1. Chini ya kanuni mpya sharti hilohilo haliwezi kutimia kamwe, kwa sababu nafasi zote tatu zinafanana daima.

Kwa hiyo tunaongeza kigeu kimoja kipya, `w`, kitakachotumika katika fomula nzima. Kazi yake ni kuwa alama ya uongo: chochote kinachofanana na `w` tutakihesabu kuwa uongo. Sasa "angalau moja kati ya a, b, c ni kweli" inaweza kusemwa hivi: "a, b, c na w hazifanani zote." Tatizo ni kwamba nafasi zimekuwa nne, nasi tunaruhusiwa tatu. Tunaligawa sharti hilo mara mbili kwa kigeu kingine kipya, `p`, ambacho ni cha sharti hilo peke yake:

```
(a ∨ b ∨ c)   →   NAE(a, b, p)   na   NAE(¬p, c, w)
```

Sharti la pili la 3SAT litapata `p` yake, la tatu yake, na kuendelea. Lakini `w` ni ileile kwa yote.

Hatua ya tatu ni kuthibitisha pande mbili, na ndipo penye alama nyingi. Upande wa kwanza: chukulia kwamba fomula ya 3SAT ina jibu. Tunaacha vigeu vyake na thamani zake, tunaipa `w` thamani 0, na kila `p` tunaifanya 1 pale tu `a` na `b` za sharti lake zinapokuwa 0 zote mbili. Vinginevyo ni 0. Sasa tukague. Kama `a` na `b` ni 0 zote, `p` ni 1, na sharti la kwanza lina mchanganyiko. Zaidi ya hayo `c` lazima iwe 1, maana sharti la awali lilitimia. Basi `NAE(¬p, c, w)` lina thamani 0, 1, 0, linafaa. Kama angalau moja kati ya `a` na `b` ni 1, `p` ni 0. Sharti la kwanza lina 1 na 0 ndani yake, na la pili lina `¬p` iliyo 1 pamoja na `w` iliyo 0. Yote yanatimia.

Upande wa pili: chukulia kwamba masharti ya NAE yana jibu. Kama `w` ni 1, tunageuza thamani zote. Tumekwisha kuona kwamba jibu linabaki sahihi. Kwa hiyo tunaweza kusema `w` ni 0. Sasa tuseme kuna sharti la 3SAT ambalo `a`, `b` na `c` ni 0 zote. `NAE(a, b, p)` linailazimisha `p` iwe 1. Basi `¬p` ni 0, `c` ni 0, `w` ni 0, na `NAE(¬p, c, w)` limevunjika. Huo ni mkanganyiko. Kwa hiyo kila sharti la 3SAT lina angalau nafasi moja iliyo kweli.

Tujaribu kwa mfano:

```
(x ∨ ¬y ∨ z) na (¬x ∨ y ∨ z)

NAE(x, ¬y, p1)    NAE(¬p1, z, w)
NAE(¬x, y, p2)    NAE(¬p2, z, w)
```

Chukua `x` = 0, `y` = 1, `z` = 1, jibu linalotimiza masharti yote mawili ya juu. Katika sharti la kwanza, `x` na `¬y` ni 0 zote, kwa hiyo `p1` ni 1. Katika la pili, `¬x` ni 1, kwa hiyo `p2` ni 0. Kwa `w` = 0, masharti manne yanasomeka 0, 0, 1; kisha 0, 1, 0; kisha 1, 1, 0; na mwisho 1, 1, 0. Hakuna lenye thamani moja tupu.

Hatua ya nne ni muda wa ujenzi. Masharti `m` ya 3SAT yanatoa masharti `2m`, na vigeu vilivyokuwa `n` vinakuwa `n + m + 1`. Fomula inasomwa mara moja na kuandikwa upya, kazi inayokua sambamba na urefu wake.

Sasa turudi kwenye kosa linaloonekana dogo kuliko yote: kumpa kila sharti `w` yake mwenyewe. Upande wa kwanza wa uthibitisho utapita bila shida, ndiyo maana mwanafunzi hagundui. Chukua `(x ∨ x ∨ x)` na `(¬x ∨ ¬x ∨ ¬x)`. Kwa pamoja hayawezekani, kwani `x` haiwezi kuwa 1 na 0 kwa wakati mmoja. Lakini ukitumia `w1` na `w2`, masharti ya NAE yanapata jibu: `x` = 1, `p1` = 0, `w1` = 0, kisha `p2` = 1, `w2` = 1. Swali lisilo na jibu limegeuzwa kuwa swali lenye jibu. Kilichoharibika ni kwamba kila sharti sasa lina alama yake ya uongo, na alama hizo hazikubaliani. Kugeuza thamani zote hakusaidii: `w1` na `w2` zitabaki tofauti. `w` moja inayalazimisha masharti yote yakubaliane juu ya nini ni uongo.

Kwa hiyo, ukiwa kwenye chumba cha mtihani, andika upande wa pili wa uthibitisho kabla ya kusafisha ule wa kwanza. Ujenzi mbovu mara nyingi huvuka upande wa kwanza, na huanguka pale unapoulizwa kurudisha jibu ulikotoka. Kama huwezi kuonyesha ni mstari gani uliotumia `w` kuwa moja kwa masharti yote, jibu lako bado halijakamilika.