Ndugu wa CD4: Alama Zinazoitaja Saratani ya Damu

Aliyewahi kumsindikiza mgonjwa kliniki ya VVU analijua jina CD4. Wengi hudhani ni aina ya seli, kumbe ni alama: protini iliyochomoza juu ya utando wa seli. Alama za namna hiyo ni mamia, na tangu mkutano wa Paris wa mwaka 1982 zimekuwa zikipewa namba. Ndizo pia zinazomwonyesha daktari saratani ya damu aliyonayo mgonjwa ni ipi.

Tuchukue mfano wa mzee wa miaka 68. Shingoni ana tezi zilizovimba, haziumi. Limfosaiti zake ni 30,000 kwa maikrolita, ilhali kwa mtu mzima kwa kawaida hazizidi kama 4,000. Chini ya hadubini ni ndogo na zinafanana. Huenda ni lukemia sugu ya limfosaiti, ambayo wengi huanza kwa kufuatiliwa tu bila dawa. Huenda pia ni limfoma ya manteli, ambayo mara nyingi haisubiri.

Maabara huchanganya damu yake na kingamwili zilizotiwa rangi zing'aazo, kila moja ikinasa alama yake tu. Chembe nyekundu huyeyushwa. Seli zilizobaki huingia kwenye flosaitometa, zikapita moja moja katika mkondo mwembamba wa maji, maelfu kwa sekunde. Kila seli hupigwa na leza, mashine ikasoma rangi zake, na kwenye skrini ikatokea nukta.

Nukta za mzee huyu zimesongamana mahali pamoja. Zina CD19, alama ya limfosaiti B, na pia CD5, ambayo kwa kawaida ni ya limfosaiti T. Magonjwa yote mawili huwa hivyo, basi bado hatujafika. Hutazamwa kappa na lambda, kwa kuwa kila seli B huvaa moja tu kati ya hizo. Kwa mtu mzima wa afya zote mbili zipo, kappa ikikaribia mara mbili ya lambda. Kwa mzee huyu karibu zote ni kappa: zimezaliwa na seli moja iliyoasi. Mwisho, CD23 na CD200 zinang'aa, CD20 imefifia. Hiyo ni lukemia sugu. Kwenye manteli, CD20 ingeng'aa sana, na CD23 na CD200 kwa kawaida zisingeonekana.

Hata hivyo hakuna alama inayohukumu peke yake. Zipo manteli zenye CD23. Alama zikigongana, hutafutwa kama vipande vya kromosomu ya 11 na ya 14 vimebadilishana nafasi, dalili ya manteli.

Sampuli nayo huweza kudanganya. Seli zilizokufa hunata kingamwili yoyote, zikaonekana na alama zisizo zake. Ndiyo maana fundi huongeza rangi inayopenya seli mfu tu, kisha akaziondoa kwenye hesabu. Na kinyama cha tezi kikishatiwa fomalini, seli zake haziwezi tena kupimwa hivi. Sehemu yake lazima ifike ikiwa mbichi.

Mzee wetu anaondoka na tarehe ya kurudi kliniki, bila dripu.